Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Gawio Letu na Jinsi Lilivyokokotolewa

Ndugu wanachama,

Bodi inapendekeza kwenu gawio la asilimia 6 kwa mwaka uliokwisha. Hesabu kamili mnazo mikononi, na mweka hazina atazipitia ukurasa kwa ukurasa. Mimi nitatumia nafasi yangu kujibu swali lililoletwa ofisini mara nyingi kuliko mengine tangu makisio ya gawio yabandikwe ubaoni. Mwanachama ana hisa 240, na hisa moja kwetu ni 5,000, kwa hiyo mtaji wake ni 1,200,000. Asilimia 6 ya fedha hiyo ni 72,000. Mbona yeye ameandikiwa 33,000?

Swali hilo ni la haki, na anayeliuliza anastahili kuonyeshwa hesabu yote.

Tuanze na fungu lenyewe. Gawio ni sehemu ya ziada ambayo mkutano huu unaamua kuwapa wenye hisa. Ziada ni kinachobaki baada ya chama kulipa gharama zake zote. Mwaka huu tulipata 15,000,000 kutokana na riba ya mikopo, ada na faini. Gharama za uendeshaji zilikula 5,400,000. Kisha tukatenga 1,600,000 kwa ajili ya mikopo ambayo huenda isirudi. Ikabaki ziada ya 8,000,000. Katiba yetu inataka asilimia 20 ya ziada iingie kwenye akiba ya lazima kabla mtu yeyote hajagusa kitu, nayo ni 1,600,000. Katika 6,400,000 iliyosalia, bodi inaomba 400,000 ibaki chamani na 6,000,000 igawanywe.

Wapo waliosema kwamba lile tengo la mikopo mibovu ndilo lililowapunguzia gawio. Ni kweli limepunguza. Lakini mkopo uliokwama bado unaonekana kwenye vitabu kama mali ya chama, na riba yake ikiendelea kuandikwa kila mwezi itaonekana kama mapato, ingawa hakuna senti iliyoingia. Chama kinaweza kutangaza ziada nono ya namna hiyo, kikafika siku ya kulipa kikakuta benki hamna kitu. Hapo fedha itatoka wapi? Itatoka kwenye hisa za wanachama wapya, yaani watu watalipwa gawio kwa mtaji wa wenzao. Ndiyo maana mkopo ukipita siku 90 bila kulipwa tunaacha kuandika riba yake. Ukitaka kujua kama chama chochote kina ugonjwa huu, weka taarifa za miaka miwili pamoja. Ukiona mikopo iliyochelewa inaongezeka lakini tengo halisogei, au chama kinakopa ili kilipe gawio, usilishangilie gawio hilo.

Sasa tuje kwenye mgawanyo. Tunahesabu hisa pamoja na muda zilioukaa chamani. Hisa moja ikikaa mwezi mmoja kamili inapata pointi moja, na hisa iliyonunuliwa katikati ya mwezi huanza kuhesabiwa mwezi unaofuata. Hivyo hisa iliyokuwapo tangu mwaka unaanza hadi unaisha ina pointi 12. Tulipojumlisha pointi za wanachama wote tulipata 240,000. Gawanya 6,000,000 kwa 240,000, kila pointi inapata 25. Hisa ya mwaka mzima inapata 300, na 300 kwa hisa ya 5,000 ndiyo asilimia 6 mnayoisoma.

Chukueni wanachama watatu, wote wamefunga mwaka na hisa 240. Wa kwanza alikuwa nazo zote tangu mwaka unaanza. Ana pointi 2,880, na gawio lake ni 72,000. Wa pili alianza mwaka bila hisa, akanunua 20 kila mwezi bila kukosa. Zile za Januari zimehesabiwa miezi 11, za Februari miezi 10, hivyo hivyo hadi za Desemba ambazo hazijapata hata mwezi mmoja. Jumla yake ni pointi 1,320, sawa na 33,000. Huyu ndiye muuliza swali wetu. Hajapunjwa, kwa sababu ile 1,200,000 ameifikisha Desemba. Ukichukua wastani wa mwaka mzima, alikuwa na hisa 110, na asilimia 6 ya thamani yake ni hiyo hiyo 33,000.

Wa tatu alikuwa na hisa 60 mwaka mzima, akaongeza 180 mwezi Oktoba. Zile 60 zina pointi 720, na zile 180 zimehesabiwa Novemba na Desemba tu, pointi 360. Anapata 27,000.

Tungetazama salio la mwisho wa mwaka peke yake, mambo yangekuwa mengine. Tulifunga na hisa 24,000, kwa hiyo kila hisa ingepata 250 na wote watatu wangeondoka na 60,000. Wa kwanza, ambaye fedha yake ilikopeshwa na kuzaa riba miezi yote 12, angepoteza 12,000. Wa tatu angeongezewa 33,000 kwa fedha iliyofika wakati karibu riba yote ya mwaka imeshapatikana. Na kila mtu angejifunza kuleta fedha Desemba, wakati wakopaji wanaihitaji tangu Januari.

Baadhi yenu mna hisa za makampuni kwenye soko la hisa, na mnasema huko haijalishi ulinunua lini: jina lako likiwa kwenye daftari siku linapofungwa, unalipwa gawio zima. Ni sahihi, na sababu yake iko kwenye bei. Anayenunua hisa ya kampuni gawio likiwa limekaribia hununua kwa bei iliyokwisha kulibeba gawio hilo, na daftari likifungwa kwa kawaida bei hushuka kwa kiasi kinachokaribiana na gawio. Soko limeshasawazisha. Kwetu hisa ni 5,000 Januari na ni 5,000 Desemba. Bei haisawazishi chochote, kwa hiyo lazima muda ufanye kazi hiyo.

Neno moja kwa walio pia kwenye vikundi vya kuvunja kibubu kila mwaka. Fungu mnalopokea kule ni akiba zenu wenyewe pamoja na faida. Msililinganishe na gawio letu, maana hapa hisa zako zinabaki chamani. Ondoa kwanza ulichoweka, kisha linganisha kilichozidi.

Kwa mujibu wa katiba, mkutano huu unaweza kukubali gawio lililopendekezwa au kulipunguza, lakini hauwezi kulizidisha. Likipita leo, malipo yataanza baada ya siku 14. Karatasi ya kila mwanachama inaonyesha hisa zake mwezi kwa mwezi. Ilinganisheni na stakabadhi zenu, hasa tarehe za manunuzi na za uhamisho wa hisa, kwa kuwa hisa iliyohamishwa inampa kila mmiliki pointi za miezi aliyoishika. Atakayeona tofauti ailete kwa mweka hazina pamoja na stakabadhi kabla siku hizo hazijaisha, ili pointi zirekebishwe kabla ya malipo.