Kikomo cha nauli hakihesabu safari uliyosahau kuifunga

Mhariri,

Makala yenu kuhusu kadi za usafiri ilimwambia msomaji kwamba akishafika kikomo cha siku hatalipa tena hata akisafiri hadi usiku wa manane. Ni kweli, ila kwa masharti ambayo makala haikuyataja, na hayo ndiyo yanayowafanya watu watazame taarifa zao za malipo na kudhani wameibiwa.

Kwanza tuone hesabu inavyokwenda. Chukulia mji wenye kanda, kanda ya 1 ikiwa katikati. Nauli ya safari ndani ya kanda ya 1 na 2 ni 3, na kikomo cha siku kwa kanda hizo ni 8. Asubuhi unagusisha kadi ukiingia, unagusisha ukitoka, unakatwa 3. Mchana unakatwa 3 nyingine. Alasiri nauli ni ileile 3, lakini jumla ingekuwa 9, kwa hiyo unakatwa 2 tu. Ukibaki ndani ya kanda hizo mbili, safari yoyote inayofuata siku hiyo ni bure.

Sasa jioni unaamua kwenda kumtembelea ndugu anayekaa kanda ya 4. Nauli ya kufika huko ni 5, na kikomo cha kanda ya 1 hadi ya 4 ni 12. Hapa wengi hushtuka wakiona wamekatwa tena, ilhali walishafika kikomo. Walifika, lakini cha kanda mbili. Mfumo unajumlisha upya nauli za siku nzima, 3 na 3 na 3 na 5, unapata 14, unalinganisha na kikomo kipana, kisha unakukata 4 ili ufike 12. Hakuna aliyeibiwa. Kikomo kinapangwa kulingana na umbali uliofika siku hiyo, wala si namba moja iliyobandikwa kwenye kadi.

Hayo yote yanategemea sharti la kwanza, kwamba kila safari ina mwanzo na mwisho. Ukigusisha unapoingia halafu mlango wa kutokea ukawa wazi, ukapita na umati bila kugusisha, mashine haijui ulishukia wapi. Haiwezi kukuwekea nauli ya 3 kwa kukisia, kwani huenda ulikwenda hadi mwisho wa reli. Inakutoza nauli ya juu kabisa, tuseme 7. Na huku London, ambako kadi ya Oyster ilianza kutumika mwaka 2003 na kikomo cha siku kikaongezwa mwaka 2005, nauli hiyo ya safari isiyokamilika haiingizwi katika hesabu ya kikomo. Inakaa pembeni, juu ya mengine yote.

Rudi kwa abiria wetu, na tuseme alisahau kugusisha alipotoka alasiri. Nauli za safari zake tatu zilizokamilika ni 3, 3 na 5, yaani 11, ambayo haijafika 12. Juu yake inaongezwa ile 7. Amelipa 18 kwa siku ambayo ingemgharimu 12. Kosa la sekunde moja limeongeza nusu nzima ya alichostahili kulipa, na ile ahadi ya kutozidi kikomo haikumsaidia kitu.

Dawa ipo, lakini mara nyingi lazima aiombe mwenyewe. Akifungua akaunti yake na kuiona safari yenye kituo cha kuingilia bila cha kutokea, anaomba isahihishwe. Hapo asitarajie kurudishiwa 4 tu, yaani tofauti ya 7 na 3. Safari ikishapata mwisho wake inaingia kwenye hesabu, jumla inakuwa 14, kikomo kinaikata hadi 12, na anayostahili kurudishiwa ni 6. Ni rahisi kurudishiwa 4 ukanyamaza, kwa sababu ni wachache wanaokaa kupiga hesabu ya juzi.

Sharti la pili ni utambulisho. Mfumo haukujui wewe, unajua namba iliyosomwa na mashine. Watu wengi siku hizi hawana hata kadi maalumu ya usafiri. Wanagusisha kadi ya benki au simu. Mabasi ya London yalianza kupokea kadi za benki mwishoni mwa 2012 na treni zikafuata mwaka 2014, na hapo kazi ya hesabu ikahama. Katika kadi ya zamani salio limo ndani ya kadi yenyewe, mashine inakata papo hapo. Kwa kadi ya benki, mlango unakagua tu kama kadi inakubalika, unakufungulia, kisha unapeleka kumbukumbu ya mguso kwenye kompyuta kuu. Siku ikiisha, kompyuta inakusanya miguso yote ya namba ile, inaunganisha kuingia na kutoka, inapima kikomo, halafu inaidai benki mara moja.

Sasa kadi hiyohiyo ikiwekwa kwenye simu hupewa namba nyingine kwa ajili ya usalama. Saa ya mkononi nayo hupewa yake. Pesa zinatoka akaunti moja, lakini kwa mlango wa stesheni hao ni abiria watatu. Abiria wetu akitumia kadi asubuhi na mchana, kisha simu alasiri na jioni, kadi itakuwa na 6 na simu itakuwa na 8. Hakuna iliyofika kikomo chake, naye amelipa 14 badala ya 12. Hali ni mbaya zaidi akiingia kwa kadi na kutoka kwa simu. Hapo zinazaliwa safari mbili zisizokamilika, moja haina mwisho na nyingine haina mwanzo, na nauli ya juu inaweza kumpiga mara mbili kwa safari moja.

Nina neno pia kuhusu hiyo “siku”. London siku ya nauli huanza saa 10:30 alfajiri, haianzi saa sita usiku, na hilo ni jema kwa anayerudi nyumbani usiku mkubwa. Lakini mlinzi au muuguzi anayeingia kazini jioni na kutoka asubuhi, safari yake ya kwenda iko katika siku moja na ya kurudi iko katika nyingine. Anasafiri sawa na mwenzake wa mchana, ila yeye asubuhi anaanza hesabu mpya. Sioni sababu ya kiufundi inayozuia kompyuta kuu kuhesabu saa 24 kuanzia mguso wa kwanza. Ni uamuzi wa mapato, na wanaouamua wangeusema hivyo waziwazi.

Ombi langu kwa waendeshaji ni dogo kuliko hilo. Kwenye taarifa ya kila siku, safari isiyokamilika iandikwe kwa mstari wake, ikiwa na maneno kwamba haimo katika kikomo, na kando yake kiasi ambacho abiria angerudishiwa kama angetaja kituo alichoshukia. Kompyuta inayoweza kulinganisha vikomo viwili kabla ya kudai benki haishindwi kutoa taarifa hiyo.

Abiria wa kila siku