Visanduku saba vitupu kwenye kadi yangu ya kibubu

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Igombe hapa Mwanza. Nanunua dagaa wabichi mwaloni boti zinaporudi alfajiri, nawaanika, kisha nawapeleka Kirumba kuuza. Nakuandikia kwa sababu ya kadi iliyobandikwa ndani ya mlango wa kabati langu, ambayo sasa hivi nimeifunika kwa khanga.

Kadi hiyo ina visanduku 52, kimoja kwa kila wiki ya mwaka. Wiki ya kwanza unatia kibubuni shilingi 1,000, ya pili 2,000, ya tatu 3,000, hivyo hivyo hadi wiki ya mwisho unayotia 52,000. Ukimaliza yote unakuwa na 1,378,000. Nilikusudia hela hiyo nijengee vichanja vya kuanikia, maana hadi leo naanika chini, kwenye mchanga na mawe.

Nilitia wiki nane bila kukosa, jumla 36,000. Wiki ya tisa tukafiwa Ukerewe, nauli ya kivuko na rambirambi vikamaliza hela. Wiki ya kumi na ya kumi na moja zikaja mvua za Machi. Dagaa wakinyeshewa kabla hawajakauka wanalainika na kuwa weusi, mlaji hawataki, unawauza kwa bei ya chakula cha kuku. Magunia mawili yalikwenda hivyo. Wiki ya kumi na mbili ikaangukia mbalamwezi. Wewe wa mjini labda hujui: dagaa huvuliwa usiku kwa taa, wanaufuata mwanga. Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima lina mwanga, taa haina kazi, na boti zinalala ufukweni karibu wiki nzima, saa nyingine zaidi. Sikuwa na biashara, sikutia.

Hadi hapo Shangazi sijilaumu. Kinachonisumbua ni wiki ya kumi na tatu, ya kumi na nne na ya kumi na tano. Giza lilikuwa zuri, boti zilijaa, jua lilitoka, na hela niliipata. Sikutia hata mia. Kila nikifungua kabati naona vile visanduku vyeupe, nafunga haraka. Ndipo nilipoweka khanga. Kwa hiyo katika saba nilizokosa, nne nilikosa hela na tatu nilikuwa naikimbia kadi.

Binti yangu wa darasa la sita ndiye aliyeifunua. Hakunicheka, alichukua kalamu akapiga hesabu: kuanzia 9,000 hadi 15,000 ni 84,000. Ukiongeza ya wiki hii, 16,000, inakuwa laki moja kamili. Nikaishiwa nguvu. Laki moja kwa mkupuo mimi naitoa wapi, kama si kwenye mtaji? Na mtaji nilishaugusa mwaka jana kwa mambo haya haya. Nilikuwa nimeruka wiki tatu, nikachomoa hela ya kununulia nikaziba visanduku vyote siku moja. Nikafurahi hadi alfajiri boti zilipofika na mimi sina hela ya ndoo. Nikachukua kwa mkopo, nikalipa bei ya juu, na kibubu nikakivunja kabla ya mwezi kuisha.

Mdogo wangu ananiambia niachane nayo, nianze upya kisanduku cha kwanza. Kinavutia kweli, maana 1,000 haiumi! Lakini hilo nalo nimeshalifanya, mwaka juzi. Kurudi wiki ya kwanza mwezi wa nne maana yake Desemba inakukuta kwenye kisanduku cha thelathini na kitu, na vile vikubwa vyote hujavigusa. Halafu zile wiki nane nilizotia ni kama hazikuwahi kuwepo, wakati 36,000 yangu imo humo kibubuni, nikikitikisa naisikia.

Binti akasema, "Mama, si uendelee tu na cha kumi na sita?" Akapiga tena hesabu. Nikiacha vile saba vitupu na nikajaza vyote vilivyobaki, nitakuwa na 1,294,000. Yaani wiki saba zinazoninyima usingizi ni 84,000 tu katika zaidi ya milioni moja na laki tatu, kwa sababu nilizikosa bado zikiwa za bei ndogo. Nilicheka mwenyewe.

Ila hesabu hiyo hiyo ikanionyesha jingine. Visanduku vinne vya mwisho peke yake ni 202,000, na vinaangukia Desemba, mwezi wa sikukuu na wa kutafuta sare za shule. Mimi wiki nzuri ya giza, nikishatoa ya chakula na ya kununulia, inabaki kama 35,000. Wiki ya mbalamwezi haibaki kitu. Kadi inapanda kila wiki kama ngazi, hela yangu inakuja na kukatika kwa kufuata mwezi. Hata bila msiba na mvua ningekuja kukwama, kama si Machi basi Septemba.

Nikaenda kwa fundi, jambo ambalo ningepaswa kulifanya Januari. Vichanja vitatu vya miti na nyavu, vya kimo cha kiuno ili hewa ipite chini na turubai lifunike haraka wingu likitanda, ameniambia 700,000. Ile milioni na ushee ilikuwa hesabu ya kadi, sio ya vichanja.

Basi nimefikiri hivi. Zimebaki wiki 37. Nikiondoa tisa za mbalamwezi, zinabaki 28. Kila moja nitie 25,000, bila kupanda, siku ile ile nikitoka Kirumba, kabla sijapitia dukani. Hiyo ni 700,000, na ile 36,000 ya mwanzo inabaki ya misumari na ya siku mbaya. Wiki za mbalamwezi binti anataka tuchore mwezi ndani ya kisanduku, ili kisikae cheupe kikanitazama.

Sasa Shangazi, ushauri wako. Kwanza, huku si kujidanganya? Nimeshindwa masharti, nimeyalegeza, nasema naendelea. Nikiyabadilisha leo, nini kitanizuia kuyabadilisha tena Agosti? Pili, wiki ya mbalamwezi nisitie kabisa, au nitie hata 500 ili mkono usisahau njia ya kibubu? Naogopa wiki moja ya kupumzika iliyo halali isije ikazaa tatu za kukimbia, maana ndivyo ilivyonianza. Tatu, ikitokea tena nimekosa wiki ya giza, niilipe wiki inayofuata au niiache iende? Nikiilipa natoa 50,000, nami nimekwambia ninabakiza 35,000.

Na vile visanduku saba, nivifanyeje? Mdogo wangu anasema nichane kadi ninunue nyingine safi. Mimi moyo unaniambia niviache vilivyo, niandike pembeni kwa kalamu ndogo: msiba, mvua, mvua, mbalamwezi, na kwenye vile vitatu niandike "kadi". Binti ameniuliza "kadi" maana yake nini, sijamjibu.

Khanga nimeitoa jana. Kesho kutwa nakwenda Kirumba na magunia matatu.

Mama wa dagaa,
Igombe, Mwanza