Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: ramani ya saveya, cheti cha bikoni na taito za ploti zetu

Wanachama wenzangu, hamjambo. Hesabu za pesa mweka hazina atazisoma mwenyewe, na mambo ya maji na taa za barabarani katibu ameshayaandika kwa minitsi, kwa hivyo mimi sitayarudia. Taarifa yangu mwaka huu nimeipa jambo moja tu, taito, juu ndilo swali naulizwa kila nikikutana na mtu kwa steji ama sokoni: mwenyekiti, mimi niko na cheti cha bikoni tayari, nimelipa, kina muhuri, mbona taito haitoki?

Haitoki kwa sababu cheti cha bikoni peke yake hakiwezi kutoa taito. Naomba kila mtu ashike hapo kwanza alafu tuende polepole.

Sisi wote hapa tuko na barua za alotimenti na kwa barua hizo ploti imeandikwa "Uns. Residential Plot No." alafu namba, kumaanisha serikali ilitugawia ploti kabla haijapimwa. Ile barua imesimama juu ya mchoro unaoitwa PDP, ule wa mipango ya mji, ambao unaonyesha ploti ziko wapi, barabara ni pana kiasi gani, shule na uwanja wa watoto viko wapi. PDP ni mpango tu. Inasema hapa kutakuwa na ploti ya mita 15 kwa 30, lakini hakuna mtu ameenda shambani kuweka kona za hiyo ploti kwa vipimo vya kisheria. Ndio maana hata ukubwa kwa barua umeandikwa kwa makadirio.

Saveya mwenye leseni ndiye anatoa ploti kwa mpango na kuileta ardhini. Anachukua PDP iliyoidhinishwa, anatafuta alama za upimaji za serikali zilizo karibu ambazo kodineti zake zinajulikana, anapima kutoka hapo mpaka kwetu, anazika bikoni kwa kila kona (ile chuma ndani ya zege, kwa ramani utaona imeandikwa IPC), alafu anarudi ofisini kupiga hesabu na kuchora ramani ya upimaji. Hiyo ramani pamoja na hesabu zake zinapelekwa kwa Mkurugenzi wa Upimaji, pale Survey of Kenya Ruaraka, zinakaguliwa, zinapewa namba inayoanza na FR, na mwisho zinawekwa sahihi ama muhuri. Sheria ya Upimaji, Kapu 299, inasema wazi ardhi haihesabiwi kuwa imepimwa mpaka ramani yake iidhinishwe namna hiyo. Kwa hivyo hata kama bikoni ziko chini na wewe umezishika kwa mkono wako, kama ramani haijaidhinishwa, kwa macho ya sheria ploti yako bado haijapimwa.

Sasa cheti cha bikoni kinaingia wapi? Ni karatasi ya saveya inayosema nimeenda kwa ploti fulani, nimeonyesha mwenyewe kona zake, bikoni ni hizi na umbali kati yake ni huu. Ni karatasi muhimu sana, unaihitaji kwa faili, unaihitaji kabla hujajenga, na ndio itakusaidia siku jirani akisema umeingia kwake. Lakini inatakiwa itoke kwa ramani iliyoidhinishwa. Kwetu ilienda kinyume, watu walitoa cheti kwanza na ramani haikuwepo, na nitawaonyesha madhara yake kwa ule mstari wa chini wenye ploti 12, kwa ruhusa ya wenyewe.

Miaka ya nyuma kuna mtu alipita pale akiwa na tepu na muhuri, akapima kila ploti, akaandikia wenyewe vyeti. Kila cheti kilisema mita 15 kwa 30, hekta 0.0450, sawasawa na barua. Na kwa kweli ukienda na tepu leo utapata hivyo hivyo, hata ukipima kutoka kona moja hadi kona ya mshazari unapata mita 33.54 ambayo ndiyo inatakiwa kwa ploti ya 15 kwa 30 yenye kona zilizonyooka. Watu wakatulia, wakaweka ua, wengine wakajenga.

Mwaka huu tulipochanga na kuleta saveya mwenye leseni kupima mstari mzima kwa pamoja, yeye hakuanzia kwa ua wa mtu, alianzia kwa alama za serikali. Akapata ploti zote 12 zina ukubwa sawa lakini zimesimama mahali ambapo si pake. Mstari wote umesogea mita moja na nusu kuelekea chini. Chanzo ni kwamba yule aliyevuta kamba ya kwanza alianzia kwa ukingo wa kinjia cha watu kilichokuwa pale zamani, na kile kinjia kilikuwa kinapita ndani ya ploti ya kwanza, si nje yake. Kwa hivyo ploti ya kwanza ikaacha mita moja na nusu bure na kuingia kwa ya pili, ya pili ikaingia kwa ya tatu, ya tatu ikaingia kwa ya nne, hivyo hivyo mpaka ya 12 ambayo ukuta wake umetokea ndani ya barabara. Barabara ya mwisho kwa PDP ni mita 9, ukipima pale chini unapata 7.5. Hiyo ndiyo dalili peke yake ambayo mtu wa kawaida angeiona kwa tepu, na hakuna aliyefikiria kupima barabara, kila mtu alipima ploti yake.

Nataka tuelewe hapa vizuri. Tepu inakuambia ploti yako ni kubwa kiasi gani na kama kona zimenyooka, lakini haiwezi kukuambia iko wapi. Hiyo inajulikana kwa kodineti peke yake. Vile vyeti vya zamani havikuwa na kodineti hata moja, havikuwa na namba ya FR, na vilifuata ile kamba ya kwanza badala ya kufuata mpango. Kama ramani ingechorwa kufuata zile ua, mkaguzi angeiweka kando ya PDP, angeona ploti ya 12 imekula barabara, na faili ya mstari mzima ingerudishwa.

Kurudisha mstari mahali pake hakukuwa rahisi na nawashukuru wenyewe kwa uvumilivu. Penye ua wa miti na waya tulisogeza tu. Mwenye ploti ya kwanza alipata ile mita moja na nusu yake, mwenye ya 12 alikubali kuvunja ukuta wa mbele na najua ilimuuma maana ulikuwa wa mawe. Shida kubwa ilikuwa ploti ya 7, jiko lake la mawe limevuka bikoni mpya na kuingia ploti ya 8 sentimita 90. Kulikuwa na njia mbili: kuomba mpango ubadilishwe ili ya 7 ipanuke na ya 8 ipungue, ambayo maana yake ni kurudi kwa mipango ya mji, kusubiri idhini upya na kuchelewesha wote 12, ama jiko livunjwe. Kamati ilikaa na hao wawili jioni nyingi. Mwishowe jiko linavunjwa, na jirani wa ploti ya 8 amekubali kuchangia mchanga na fundi wa kulijenga tena. Wameandikiana na kushuhudiwa, nakala iko kwa katibu.

Ramani ya huo mstari imeshakaguliwa na imepata namba ya FR. Kutoka hapo inaingizwa kwa ramani ya usajili, ile RIM, na kila ploti inapewa namba yake ya kudumu, kwa hivyo msishangae mkiona namba ya taito si ile ya kwa barua. Alafu lisi inatayarishwa, mnalipa zile ada na ushuru wa stempu, inasajiliwa, na ndio cheti cha lisi kinatoka, na hicho ndicho taito yetu. Vyeti vya bikoni vipya saveya ameshatoa kwa watu 12, na vile vya zamani naomba msivitumie tena, hata kwa kuombea mkopo ama kuuza.

Wa mistari ile mingine ambao bado, na wengi mna vyeti vya yule yule mtu, tafadhali angalieni karatasi yako leo ukifika nyumbani. Kama haina namba ya FR, ama majina ya bikoni na umbali haulingani na ramani, ama aliyeweka sahihi hayumo kwa orodha ya masaveya wenye leseni ya Bodi ya Saveya, hiyo karatasi haikusaidii kwa taito. Kijana wa kushika tepu anaweza kuwa yeyote, lakini anayeweka sahihi ni lazima awe na leseni, na jina lake mulizeni kabla ya kutoa hata shilingi.

Kuna jambo lingine ambalo saveya hawezi kuturekebishia. Barua ya alotimenti ilikuwa na masharti, ukubali kwa maandishi na ulipe ndani ya siku zilizoandikwa, kwa nyingi ya zetu ni siku 30. Mahakama ya Juu, kwa kesi ya Torino mwezi wa Septemba 2023, ilisema barua ya alotimenti peke yake haimpi mtu haki ya ardhi, na aliyepewa barua hawezi kumuuzia mwingine haki kamili kabla yeye mwenyewe hajasajiliwa. Hii inawagusa moja kwa moja wale walionunua barua kutoka kwa mwenye kugawiwa. Ninyi msingoje upimaji uishe ndio muanze kutafuta risiti. Mtafuteni aliyewauzia akiwa bado hai na bado anashika simu, maana jina lililo kwa rekodi za serikali ni lake, na bila yeye ama familia yake kupitia njia ya mirathi, bikoni zinaweza kuwa sawa kabisa na bado lisi ikatoka kwa jina lisilo lako.

Mstari unaofuata kupimwa ni ule wa kando ya mto. Saveya ameomba kwanza nakala ya PDP iliyoidhinishwa, na kwa kila ploti barua ya alotimenti, barua ya kukubali na risiti za malipo. PDP kamati iko nayo. Za ploti bado kuna mafaili yenye barua peke yake, bila risiti, na hao katibu atawapigia mmoja mmoja wiki hii kabla hatujamwita saveya kuja shambani.