Barua ya wazi kwa Afisa Afya: mafunzo ya wachoma mishkaki yaanzie kwenye kachumbari

Ndugu Afisa Afya wa Manispaa,

Tumesikia mnaandaa mafunzo ya usafi kwa wauza vyakula wa barabarani. Sisi wachoma mishkaki wa hapa Dar es Salaam tunayahitaji, ila tunaomba yafanyike vibandani, alasiri, wakati nyama inakatwa. Ukumbini mtu husaini, hunywa soda, akarudi na mazoea yaleyale.

Na tafadhali msianze na nyama. Nyama inapita motoni, na ikiiva mpaka ndani vijidudu vingi hufa. Kachumbari haipiti popote. Nyanya ikikatwa kwa kisu na kibao kilichotoka kwenye nyama mbichi, maji ya nyama yanaingia moja kwa moja kwenye sahani ya mteja, na ndimu si dawa ya kutegemea.

Tieni rangi ya chakula ya bluu kwenye bakuli la nyama iliyoungwa, kisha mwacheni mchomaji afanye kazi kama kila siku. Baada ya muda itafuteni hiyo bluu: mpini wa kisu, kitambaa cha kufutia, kifuniko cha chupa ya pilipili. Brashi ndiyo itakayowashangaza wengi. Inachovywa kwenye bakuli la nyama mbichi, kisha inapakwa kwenye mshikaki ulioiva, sekunde chache kabla haujaliwa.

Akishaona hivyo hahitaji hotuba. Kachumbari ikatwe kwanza, ifunikwe, ndipo nyama iguswe. Mafuta ya kupaka mwishoni yawe na bakuli na brashi yake. Kwenye boksi la barafu nyama ikae chini, ndani ya chombo kilichofungwa, itolewe kidogo kidogo. Nje ya barafu isikae zaidi ya muda wa saa 2. Barafu hiyo isiingie kwenye juisi ya mtu, hata jirani akiomba.

Kuosha nako kuna mpangilio wake. Klorini huishiwa nguvu penye mafuta na mabaki ya chakula, kwa hiyo sabuni inatangulia, halafu maji ya kusuuza, halafu maji ya dawa. Kwa dawa ya klorini ya asilimia 3.5, kijiko kimoja cha chai kwa lita 1 kinatosha vibao, visu na sahani. Viachwe vikauke vyenyewe. Kitambaa kilekile cha mezani kitavichafua upya.

Lakini haya yote yanakula maji. Anayenunua maji kwa dumu atasuuza sahani za jioni nzima kwenye ndoo moja, hata akifaulu mafunzo yenu. Tunaomba bomba moja la pamoja karibu na vibanda, bili tutachangia.

Jumatatu wateja huwa wachache. Mkija siku hiyo, njooni na hiyo rangi. Nyama na mkaa ni juu yetu.

Wenu,
Mchoma mishkaki, kwa niaba ya wenzangu