Rasimu ya barua kwa uongozi kuhusu msumeno

Wenzangu wa kiwanda cha mbao, Nakuru,

Nimeweka hapa rasimu ya barua yetu kwa meneja, nami naomba kila mmoja aisome kabla ya kutia sahihi Ijumaa. Nimeondoa maneno "mazingira mabaya", kwa kuwa hayamwonyeshi msomaji cha kurekebisha, na badala yake tumeeleza kwamba msumeno wa mviringo wa pili hauna kinga juu ya meno yake tangu ulipobadilishwa mkanda, na kwamba unga wa mbao huondolewa kwa mkono mashine ikiwa bado inazunguka.

Tunapendekeza kinga irudishwe, vijiti vya kusukumia mbao fupi vitolewe, na swichi kuu ifungwe kwa kufuli wakati wa usafi, ufunguo ukikaa mfukoni mwa anayesafisha; hili la kufuli ndilo ninalolithamini zaidi, maana gharama yake ni ndogo mno. Kwa kuwa tumezidi wafanyakazi 20, tunaomba pia kamati ya usalama iundwe, kama inavyotakiwa na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007.

Tafadhali msimtaje fundi yeyote kwa lawama. Marekebisho niandikieni kufikia Alhamisi jioni.