Wananidai mkopo wa 2017 nisioujua, na sasa wamenitumia "mkataba"

Ndugu mshauri, shikamoo.

Mimi ni mama wa miaka 39, nauza dagaa hapa Mwaloni, Kirumba. Ni mwezi wa pili sasa simu yangu hainipi amani. Ya kwanza iliingia saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mitumbwi inashusha, mikono yangu yote imejaa magamba. Dada mmoja akanitaja majina yangu matatu bila kukosea, akasema nadaiwa shilingi 1,140,000. Eti nilikopa 350,000 mwezi Machi 2017, riba ikalala ikaamka mpaka ikafika hapo.

Mikopo naijua. Kausha damu nimewahi kuionja mara moja, nikalia, nikaapa. Vikoba nipo mpaka leo. Lakini mwaka 2017 nilikuwa Nansio, Ukerewe, namuuguza mama, hata biashara nilikuwa sijaanza. Nikamwambia huo mkopo siujui. Akacheka: "Wote mnasemaga hivyo."

Tangu hapo wanapiga kwa namba tofauti tofauti, ukizuia hii inakuja nyingine. Wamempigia mama mkwe wangu, mzee wa watu mwenye presha, wakamwambia mkwewe ni tapeli. Sijui namba yake waliipata wapi. Mume wangu akachoka, akasema, "Mama Neema, watupie hata elfu hamsini watuache." Na mimi nilikaribia kutuma. Niliingiza ile namba ya kulipia, jina likaja la mtu binafsi wala si la kampuni. Nikaghairi.

Aliyenishika mkono ni binamu yangu, amefanya ukarani mahakamani miaka mingi. Alifoka kabisa pale aliposikia habari ya elfu hamsini. Kwa maelezo yake, dai la mkataba lina ukomo wa miaka 6. Deni la Machi 2017, hata lingekuwa la kweli, muda wa kulipeleka mahakamani huenda umeshakwisha, maana miaka huhesabiwa tangu siku ya kulipa ilipopita. Lakini ukilipa chochote, au ukiandika na kusaini kwamba unadaiwa, miaka inaweza kuanza kuhesabiwa upya kuanzia siku hiyo. Kumbe ile "tuma kidogo tu, onyesha nia njema" aliyokuwa akinibembeleza yule dada haikuwa huruma!

Akanifundisha pia jinsi ya kujibu. Kwenye simu nisithibitishe kitu, si tarehe ya kuzaliwa, si namba ya NIDA, si mahali ninapoishi. Wala nisiseme "nitalipa nikipata", hata kwa kutaka tu wakate simu. Kila akipiga niseme neno moja: niletee kwa maandishi. Halafu tukaandika meseji pamoja, nikaituma kwa namba tatu walizozitumia zaidi, na nakala nimeihifadhi:

"Mimi sikuwahi kuchukua mkopo huu na siutambui. Naomba kwa maandishi: jina kamili la mkopeshaji, anuani na namba ya leseni yake, barua inayowapa ninyi mamlaka ya kukusanya deni hili kwa niaba yake, nakala ya mkataba wenye saini yangu, tarehe fedha zilipotolewa na namba ya simu au akaunti zilikoingia, na taarifa ya marejesho yote tangu siku hiyo. Mpaka nipate hivyo sitazungumza kwa simu, na msiwapigie ndugu zangu."

Binamu alisema kitu kikubwa hapo ni lile swali la fedha ziliingia wapi. Mkataba mtu anaweza kuupika mezani, lakini fedha ikitumwa inaacha nyayo, kuna namba iliyotuma, iliyopokea, saa na kumbukumbu ya muamala. Na anayedai ndiye mwenye kuthibitisha, siyo mimi kuthibitisha kwamba sikukopa.

Wakanyamaza siku tisa. Siku ya kumi ikaja picha kwa WhatsApp, karatasi moja iliyoandikwa MKATABA WA MKOPO. Majina yangu yapo, saini ipo (haifanani na yangu hata kidogo, mimi ninaandika jina zima), kiasi kipo, tarehe 14 Machi 2017. Barua ya mamlaka hakuna. Fedha zilikoingia hakuna. Pale kwenye kitambulisho wameweka namba yangu ya NIDA, tarakimu zote 20, na ni ya kweli. Zile nane za mwanzo ndizo mwaka, mwezi na siku yangu ya kuzaliwa.

Nilitetemeka. Nikampelekea binamu, akaitazama kidogo tu, akaniuliza, "Namba ya NIDA ulipata lini?" Nikakumbuka foleni ile ya 2019, wakati wa kusajili laini kwa alama za vidole, tulilala njaa pale mstarini. Kabla ya hapo nilitumia kadi ya mpiga kura tu. Sasa mkataba wa 2017 umeijuaje namba ambayo mimi mwenyewe nilikuwa sijapewa?

Kwa hiyo karatasi ni ya kughushi, hilo sina shaka nalo. Linalonitia hofu ni kwamba namba yangu wanayo. Pengine ni kwenye duka la kutoa kopi, pengine ni kwa wakala, sijui. Nimepiga *106# kuangalia laini zilizosajiliwa kwa NIDA yangu, nimekuta zangu mbili tu. Mpwa wangu naye ameingia tovuti ya Benki Kuu, kuna orodha ya wakopeshaji wenye leseni, na jina lililo kwenye karatasi hakulikuta. Ila binamu akanituliza nisilishikilie sana hilo, maana sheria ya huduma ndogo za fedha inayodai leseni ni ya 2018, huo mkopo wanaoudai ni wa kabla yake.

Juzi wametuma tena. Sasa wanasema kama nakataa deni, nijaze fomu ya "pingamizi", nisaini, niambatanishe picha ya kitambulisho mbele na nyuma na picha yangu nikiwa nimekishika. Nisipofanya hivyo kwa siku saba, picha yangu itasambazwa kwa wateja wangu. Fomu nimeisoma mara mbili. Mstari wa tatu unasema, "Mimi mkopaji niliyetajwa hapo juu..." Sijaijaza.

Maswali yangu ni haya. Kosa la NIDA niwaambie, au ninyamaze? Mume wangu anasema nikiwaambia watatengeneza mkataba mwingine usio na kosa. Mimi naona picha ya kwanza tayari ninayo, na tarehe iliyoingia inaonekana, lakini sina uhakika kama picha ya WhatsApp inatosha kuwa ushahidi au nitunze simu yenyewe bila kuifuta chochote.

La pili, nianzie wapi? Namba zao nimeshazituma kwenye 15040, ile namba ya kuripoti matapeli wa simu, bado wanapiga. Nasikia Benki Kuu, ambayo tawi inalo hapa Mwanza, hupokea malalamiko baada ya kumlalamikia kwanza mkopeshaji mwenyewe. Mkopeshaji gani, ndugu yangu, wakati anuani wamekataa kunipa? Ile meseji yangu inahesabika kuwa nimelalamika? Au hili la kughushi na vitisho niende nalo polisi moja kwa moja, na la kumpigia mama mkwe nilipeleke Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi?

Siku saba zao zinaisha Jumatano.

Mama Neema,
Mwaloni, Mwanza