Ngâ€™ombe si ng'ombe: tunavyosafisha nyaraka zilizoharibika alama

Mwezi uliopita mwalimu mstaafu alituletea kijitabu chake cha hadithi kwenye flashi ili tukichape. Alikuwa amekiandika kwenye simu kwa miezi kadhaa, akakituma kama faili la `.txt` kwa jirani mwenye kompyuta, naye jirani akalifungua, akalihifadhi na kumrudishia. Ukurasa wa kwanza ulisomeka hivi: “Ngâ€™ombe alingâ€™oa kamba.” Mama wa watu alidhani ni virusi.

Havikuwa virusi. Baadhi ya simu hazipendi ritifaa iliyonyooka. Ukiibonyeza, kibodi huigeuza kimyakimya kuwa ile iliyopinda. Katika usimbaji wa UTF-8, ambao simu za leo hutumia kugeuza herufi kuwa namba, alama hiyo moja huhifadhiwa kwa baiti tatu: E2 80 99. Programu ya jirani ilidhani faili ni la Windows-1252, usimbaji wa zamani ambamo kila baiti ni herufi moja. Kwa hiyo E2 ikasomwa â, 80 ikasomwa €, na 99 ikasomwa ™. Herufi za kawaida hazidhuriki kwa sababu pande zote mbili huziandika kwa namba zilezile. Ndiyo maana maneno yalibaki salama na alama pekee zikavurugika, na Kiswahili huumia zaidi hapa kwa sababu ya ng' yetu.

Alama za namna hii zinaonekana za kutisha, lakini ndizo rahisi kuponya, maana baiti zote bado zipo. Zikiwa hazijahifadhiwa upya, inatosha kufungua faili tena na kuchagua UTF-8 pale programu inapouliza. Zikiwa zimeshahifadhiwa, tunatafuta na kubadilisha, tena kwa mpangilio huu:

```
â€™   →  '
â€œ   →  “
â€    →  ”
```

Mpangilio ni muhimu. Nukuu ya kufunga ni E2 80 9D, na 9D haina herufi katika Windows-1252, kwa hiyo jicho huona â€ tu. Ukianza na mstari huo, utakata vichwa vya alama nyingine zote na kubaki na ™ na œ zinazoelea. Vistari virefu navyo huanza na â€, hivyo navyo vitangulie. Tukimaliza, tunafuta pia ile herufi isiyoonekana inayobaki baada ya kila nukuu ya kufunga, maana huja kusumbua wakati wa kupanga kurasa.

Kazi ngumu ilikuwa sura mbili za mwisho. Hizo zilikuwa na “ng?ombe” na “ng?ambo”. Alama ya kuuliza, au ile � yenye umbo la almasi, ikishahifadhiwa ndani ya faili, basi baiti za awali zimefutwa. Hakuna programu itakayozirudisha. Tulimuuliza mwalimu kama faili la kwanza bado liko kwenye simu. Alikuwa amelifuta ili kupata nafasi.

Hapo lugha yenyewe ilitusaidia. Neno la Kiswahili huishia na irabu, kwa hiyo “ng?” ikifuatwa moja kwa moja na irabu haiwezi kuwa swali. Ni ritifaa iliyopotea. Tukabadilisha zote bila woga. Nukuu za mazungumzo hazikuwa na bahati hiyo. “?Unakwenda wapi??” inahitaji mtu wa kusoma na kuamua ipi ni nukuu na ipi ni swali, kwa hiyo tulikaa na mwalimu mstari kwa mstari, alasiri nzima. Mbaya kuliko yote ni pale programu inapofuta alama bila kuacha doa: “ng'oa” ikawa “ngoa”, ambalo ni neno halali lenye maana ya wivu, na kikagua tahajia hakiwezi kulalamika.

Tofautisha hayo na visanduku vitupu. Kisanduku kwa kawaida maana yake fonti uliyochagua haina herufi hiyo. Faili ni zima, badilisha fonti tu.

Kwa hiyo, ukiona alama za ajabu, usibonyeze kuhifadhi. Funga faili, kisha tuletee lile la awali kutoka simu iliyoliandika, hata kama nakala nyingine inaonekana nzuri zaidi. Kama bado unaandika, hifadhi kama `.docx`, kwa kuwa faili hilo hubeba ndani yake taarifa ya usimbaji, wakati `.txt` huiacha programu ikisie. Kabla ya kulipia uchapaji, tutakupa ukurasa mmoja wa majaribio wenye ng' na nukuu nyingi uukague kwa macho yako.